Milioni 12 za wanawake na vijana, na safari yake hadi kwenye rejista

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei, nimetoka tu kusali isha, simu ikalia. Kijana mmoja wa kikundi chetu. Hakunisalimu hata salamu ya pili. "Dada, nimemaliza. Theluthi nzima ya bajeti ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu!"

Nikamuuliza amemalizaje kwa usiku mmoja kitabu cha kurasa mia tatu na ushee. Akaniambia bila kusita: amefungua makadirio ya kaunti kwenye kompyuta, akatafuta maneno `women`, `youth` na `disab`, kila fungu lenye neno mojawapo akalitia rangi ya manjano, kisha akajumlisha pesa za manjano. Kazi imekwisha, amelala saa tisa.

Sikumcheka, maana mwaka wangu wa kwanza nilifanya vivyo hivyo, tena mimi ni mhasibu wa kusomea. Ninakaa Lamu, natunza vitabu vya vikundi vya kina mama wa hapa mjini na Shella, na kwa miaka kadhaa sasa sisi watu wachache tumekuwa tukisoma bajeti za kaunti za Pwani na kuzitia alama: fungu hili linamfikia nani, na kwa kiasi gani. Kazi yenyewe haina mshahara. Ina maandazi, na ina ugomvi mwingi wa kirafiki.

Nataka kueleza fungu moja tu tulilolifuata kutoka jina lake kwenye bajeti hadi majina ya watu kwenye karatasi ya mahudhurio. Ni la idara moja ya kaunti mojawapo ya huku Pwani, sitaitaja idara wala kaunti. Tarakimu nimezibadilisha na kuzifanya za mviringo ili hesabu ifuatike, lakini umbo lake ndilo lile lile nililolikuta, na nimelikuta zaidi ya mara moja.

Kwanza niseme alama zenyewe ni nini. Mtindo mmoja unaotumika sana duniani ni ule wa OECD, shirika la nchi tajiri, ambalo huwataka wafadhili wape kila mradi namba kuhusu usawa wa kijinsia: 0 kama mradi haulengi jambo hilo, 1 kama ni lengo lake mojawapo muhimu, 2 kama ndilo lengo lake kuu, kwamba lisingekuwepo mradi nao usingekuwepo. Mwaka 2018 wakaongeza alama ya namna hiyo hiyo kwa watu wenye ulemavu. Ni mtindo rahisi, na urahisi ndio uliotuvutia. Tukafungua lahajedwali, kila fungu mstari wake, tukaweka safu tatu: W ya wanawake, V ya vijana, U ya ulemavu. Kwa kijana tukafuata Katiba, ambayo inamhesabu aliyefika miaka 18 na hajafika 35. Hilo la umri msilidharau, kuna "vijana" wa siasa wana wajukuu.

Sasa fungu lenyewe. Jina lake kwa Kiswahili ni kama "Uwezeshaji wa wanawake na vijana kiuchumi". Shilingi milioni 12. Kwa jina hilo, kila mtu mezani akasema W ni 2, V ni 2. Kuhusu U tukabishana kidogo, kwa sababu maelezo ya programu yalitaja "makundi yenye mahitaji maalumu", tukaipa 1. Na kijana wetu wa rangi ya manjano angekuwa ameshaandika milioni 12 na kuhamia fungu linalofuata.

Bajeti za kaunti huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya programu: jina la programu, lengo, viashiria, na jumla ya pesa. Hiyo ndiyo inayosambazwa kwenye vikao vya wananchi. Ya pili ni ya vifungu, ambayo kila shilingi imepewa namba kutoka orodha sanifu ya hesabu za serikali, ile ile inayotumika ndani ya mfumo wa IFMIS kulipia. Anayesoma ya kwanza peke yake anasoma nia. Ya pili ndiyo inayosema nia hiyo itanunua nini, na mara nyingi haipatikani hadi uiombe.

Tuliiomba, tukaipata. Milioni 12 zilikuwa zimegawanywa hivi. Namba 2210300, usafiri na posho za ndani ya nchi, milioni 3.1. Namba 2210700, mafunzo, milioni 2.6. Namba 2210800, ukarimu, yaani chai, chakula na ukumbi wa mikutano, milioni 1.3. Uchapishaji na matangazo laki 6. Mafuta ya magari na boti laki 9. Na mwisho kabisa 3111100, ununuzi wa mashine na vifaa, milioni 3.5: cherehani, majokofu ya samaki, injini chache za mashua.

Mama mmoja tuliyekaa naye, fundi wa makuti na mkeka, hasomi Kiingereza lakini anasoma tarakimu kuliko sisi sote, akaweka kidole kwenye 3.1. "Hizi za safari, nani asafiri?" Swali hilo ndilo lililotengeneza upya lahajedwali yetu yote. Ukilichungulia fungu la usafiri, wanaosafiri ni maafisa. Si kosa, mtu wa kutoka makao makuu kwenda visiwani hawezi kuogelea. Lakini posho ya afisa si pesa iliyomfikia mwanamke wa Kizingitini.

Tukahitaji kanuni moja ya kupambanulia, na ilituchukua jioni mbili. Wengine walitaka tuhesabu vifaa tu, kitu kinachoshikika. Mimi nilipinga: kwa kanuni hiyo mshahara wa muuguzi wa wodi ya wazazi hautahesabiwa, na bila muuguzi wodi ni chumba tu. Mwisho tukakubaliana hivi: ondoa matumizi haya, je, mlengwa atakosa kitu siku hiyo hiyo alichokuwa akipewa yeye? Mwalimu wa mafunzo akikosekana, hakuna mafunzo, ahesabiwe. Ukumbi wa mafunzo uhesabiwe. Chai ya kikao cha maafisa cha kupanga mafunzo, hapana. Kanuni hii ina nyufa zake, kwa mfano mafuta ya boti inayopeleka cherehani Faza tuliyaacha nje, na hadi leo kuna mwenzetu hajatusamehe. Bora kanuni yenye ufa iliyoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza, kila mtu aione, kuliko busara ya mtu mmoja inayobadilika na hali yake ya asubuhi.

Kwa kanuni hiyo, kilichobaki ni mafunzo na vifaa: milioni 6.1. Nusu ya fungu na chembe. Bado tuko kwenye karatasi ya bajeti, hakuna aliyelipwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza: hizo 6.1 zinamfikia nani? Hapa jina la fungu halisaidii tena. Tukaomba rejista ya walengwa, ikaja: watu 40. Wanawake 24. Waliotimiza umri wa ujana kwa Katiba, 18. Wenye ulemavu, 2.

Jumlisha. 24 na 18 na 2 ni 44. Watu 44 ndani ya orodha ya watu 40.

Kijana wetu alidhani rejista imekosewa. Haikukosewa. Kati ya vijana 18, 11 ni wasichana, wamehesabiwa mara mbili, na mmoja kati ya hao 11 ana ulemavu, huyo kahesabiwa mara tatu. Ukiwachukua watu mmoja mmoja, wako wanawake 24, wavulana 7 wasiokuwamo humo, na mzee mmoja mwenye ulemavu. Jumla 32. Waliobaki 8 ni wanaume waliopita umri wa ujana na wasio na ulemavu. Walifikaje kwenye programu ya wanawake na vijana? Hilo swali si la lahajedwali.

Ndiyo maana sasa nikiona ripoti yoyote yenye chati ya duara, kipande cha wanawake, kipande cha vijana, kipande cha ulemavu, vyote vikikamilisha asilimia mia, naifunga. Makundi haya si vipande vya mkate. Binti wa miaka 22 asiyeona hakai kwenye kipande kimoja. Kila kundi liwe na safu yake, na safu zisijumlishwe kamwe. Ukitaka jumla, tengeneza safu ya nne ya watu wasiorudiwa. Kwetu tuliipa herufi M, ya "mmojawapo". Kwa fungu letu hesabu ni rahisi: wanawake 24 kwa 40 ya milioni 6.1, yaani milioni 3.66. Vijana milioni 2.745. Wenye ulemavu 305,000. Mmojawapo, milioni 4.88. Tulidhani tumefika.

Kwenye lahajedwali, kama unataka kujaribu, safu E iwe pesa na safu G iwe sehemu inayowafikia wanawake kwa desimali, kisha chini kabisa:

```
=SUMPRODUCT(E2:E400,G2:G400)
```

Kila kundi na safu yake ya sehemu, na fomula hiyo hiyo. Ushauri mmoja tu wa kihasibu: pale usipojua sehemu, usiandike 0. Acha tupu, na upande wa kulia uwe na safu ya ushahidi yenye alama ya kuuliza. Sifuri inasema "tumeangalia, hakuna". Tupu inasema "hatujui". Fomula itazichukua zote kama sifuri, kwa hiyo hesabu pembeni ni pesa ngapi ziko kwenye mistari iliyo tupu, na uziandike kando ya jibu lako. Kwa mwaka wetu wa pili, pesa za "hatujui" zilizidi zile zilizothibitishwa.

Nilisema tulidhani tumefika. Bajeti ni ruhusa ya kutumia, pesa yenyewe ni habari nyingine. Mwaka wa serikali unafungwa Juni 30. Pesa za kaunti zinatoka Nairobi kwa mafungu, na kila mkazi wa kaunti amesikia zikichelewa. Zikichelewa, kinacholipwa kwanza ni kile kinacholipika haraka: posho, chai, safari. Vifaa vinahitaji zabuni, tathmini, mkataba, mzigo kufika, kukaguliwa. Kama mchakato wa zabuni umeanza Machi, mzigo unafika Juni mwishoni, mfumo unafungwa, na bili inalala kwenye orodha ya madeni ya mwaka ujao.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulipopata kuona malipo halisi, usafiri ulikuwa umelipwa wote, milioni 3.1. Ukarimu milioni 1.2. Mafunzo milioni 1.9. Vifaa, sifuri. Hata cherehani moja haikulipwa ndani ya mwaka huo.

Basi rudia hesabu kwa kilicholipwa. Cha kuhesabiwa ni mafunzo peke yake, milioni 1.9. Wanawake, 24 kwa 40: milioni 1.14. Wenye ulemavu, 2 kwa 40: shilingi 95,000. Fungu lililoingia kwenye bajeti na alama ya 2, milioni 12 zote zikihesabiwa za wanawake, limewafikia wanawake kwa milioni 1.14. Chini ya moja ya kumi.

Sikuandika haya kumshtaki mtu. Kwa hesabu ya fungu hilo hakuna shilingi iliyoibwa, risiti zote zipo. Ninachosema ni kwamba alama iliyobandikwa kwenye jina la fungu, mwezi wa Aprili, haiwezi kujua kitakachotokea Juni, na hakuna anayerudi kuibandua.

Mtu ataniuliza, kwa nini usisome ripoti za Mdhibiti wa Bajeti? Nazisoma, kila robo mwaka, na bila hizo tungekuwa gizani. Zinakuonyesha idara imetumia kiasi gani, maendeleo kiasi gani, posho na safari kiasi gani. Lakini haziteremki hadi kwenye fungu dogo kama letu na rejista yake. Kwa hilo inabidi uandike barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Andika tarehe, omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na omba kitu chenye jina: "taarifa ya malipo ya fungu namba fulani hadi Juni 30" hujibiwa; "habari kuhusu wanawake" haijibiwi, na ni haki yao, maana hata mimi nisingejua nikupe nini.

Hilo ndilo fungu lenye jina zuri. Sasa kuna upande wa pili, mafungu yasiyo na jina lolote la kuvutia, na hapo ndipo Lamu iliponifundisha.

Kwenye bajeti moja kulikuwa na ujenzi wa gati, namba ya 3110500, ujenzi na kazi za kihandisi. Tuseme milioni 20. Kwa kutafuta maneno, halionekani kabisa. Alama 0, 0, 0. Na bado kwa mtu wa visiwani gati ndiyo barabara, hospitali, soko na shule. Mjamzito anayetolewa Siyu usiku anapita hapo. Tukaona tuitie alama kwa idadi ya watu: wanawake ni karibu nusu, basi karibu nusu ya milioni 20. Kwa ulemavu, sensa ya 2019 ilipata asilimia 2.2 ya Wakenya wa kuanzia miaka 5 wana ulemavu, basi asilimia 2.2 ya milioni 20 ni 440,000. Ikaandikwa.

Siku tatu baadaye nilikuwa gatini nikisubiri mashua. Maji yalikuwa yamekupwa sana, ni siku za bamvua. Akateremshwa mzee mmoja kutoka kwenye boti, amebebwa mgongoni na kijana mpagazi, kiti chake cha magurudumu kimeshikwa juu na mwingine kama sinia. Ngazi za chini zilikuwa na ukijani wa mwani, mpagazi anakanyaga kwa ubavu wa mguu. Mzee hakusema kitu mpaka alipoketishwa juu. Akafuta mikono, akamwambia yule kijana, "Leo mwanangu hukuniangusha," na wote wakacheka, mimi nikiwa nimesimama na lahajedwali kwenye mkoba ikisema gati kama hii imempa shilingi zake ndani ya zile 440,000.

Hapo nikaelewa kosa la kugawa kwa idadi ya watu. Ukigawa hivyo, gati isiyopitika kwa kiti cha magurudumu inapata alama sawa sawa na gati inayopitika. Hesabu inampa mzee pesa kwa ajili ya ngazi zinazomzuia. Njia nyingine ni kuhesabu ile gharama ya ziada tu, kile kitu ambacho kimewekwa ili mtu huyo apite: mteremko, vishikio vya mikono, ukingo wa rangi kwa asiyeona vizuri. Gharama hiyo haimo kwenye bajeti, imo ndani ya orodha ya vipimo na bei ya mkandarasi, ile wenyewe wanaita bi-o-kyu. Tukaitafuta. Mteremko ulikuwepo, shilingi milioni 1.1. Tukafurahi, tukaandika U ni milioni 1.1 badala ya 440,000.

Fundi mmoja wa ujenzi, mtu wa Mkomani, akatazama mchoro akatikisa kichwa. Kiwango kinachokubalika cha mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: kila mita moja ya kushuka inataka mita 12 za urefu. Bamvua la huku kwetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika mita 3 na zaidi. Kwa mita 3 unahitaji mteremko wa mita 36, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Wa kwenye mchoro ulikuwa na mita 10. Yaani unatoka juu ya gati, unashuka chini ya mita moja, kisha unakuta ngazi. Maji yakijaa, mteremko unafika kwenye boti vizuri. Yakipwa, umebaki hewani.

Basi milioni 1.1 ihesabiwe yote? Nusu? Kijana wetu alipendekeza nusu kwa sababu maji hujaa mara mbili kwa siku. Tulicheka lakini hakuwa mbali sana. Fundi akasema kitu cha maana zaidi, kwamba mahali penye maji ya namna hii suluhisho ni jukwaa linaloelea na daraja lake la bawaba, linalopanda na kushuka na maji, na kwamba mteremko wa zege wa mita 10 umewekwa ili kisanduku cha fomu kijazwe. Sikuwa na namna ya kuthibitisha nia ya mtu. Tukaandika 1.1 kwenye safu ya pesa, na kwenye safu ya ushahidi tukaandika: "unatumika maji yakijaa tu". Lahajedwali haikupenda, hakuna fomula inayosoma sentensi hiyo. Lakini mwakilishi wadi aliyekuja kwenye kikao hakuuliza swali hata moja juu ya tarakimu. Aliuliza juu ya sentensi hiyo.

Kuna kitu kimoja watu hukichanganya humu, nakipitia haraka. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa kampuni za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, huo mpango wa AGPO. Kampuni ya kina mama ikijenga hiyo gati, pesa imewafikia kina mama kama wafanyabiashara. Haijawafikia kama wasafiri. Ni safu tofauti kabisa, na ukizichanganya utaipa gati ile ile alama mara mbili. Na hata hiyo safu ina matatizo yake: tumeona kampuni za "dada" ambazo dada mwenyewe hajui saini yake inafananaje.

Narudi kwenye fungu letu la milioni 12, kwa sababu mwaka uliofuata lilirudi kwenye bajeti na jina lile lile. Safari hii tuliandika barua mapema, tukaomba malipo na rejista, na tukaomba rejista iwe na safu za jinsia, mwaka wa kuzaliwa na ulemavu. Kwa hiyo ya mwisho tulipendekeza wasiulize "una ulemavu?", maana mzee aliyepoteza masikio kwa sababu ya umri atakujibu hana. Sensa ya 2019 iliuliza kwa njia nyingine: unapata ugumu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Ugumu kiasi gani? Maswali sita, dakika mbili.

Siku ya 19 simu ikalia. "Dada, njoo na flashi." Nikaenda. Ofisa alikuwa mkarimu, akanipa kiti, akaniagizia kahawa chungu, akanakili faili lenye picha za rejista mbele yangu. Nikalifungua kwa mara ya kwanza nikiwa nyumbani. Majina 52. Jinsia imejazwa yote. Mwaka wa kuzaliwa umejazwa kwa watu 30, wengine wametiwa mstari. Na safu ya ulemavu imejazwa yote, kuanzia wa kwanza hadi wa 52, "La", kwa mwandiko mmoja, kwa kalamu moja ya buluu, wakati majina yameandikwa kwa kalamu za kila namna na mikono ya kila namna.

Nikampigia kijana wetu, nikamwambia afungue lahajedwali. Akaniuliza kwenye U aweke nini, sifuri?

"Acha tupu," nikamwambia. "Kwenye ushahidi andika: kalamu ya buluu."